Tupeane uzoefu: simu moja ya duka, watu watatu waingoja namba

Mwana wa Marikiti: Sie ni watatu, twauza mapazia. Gmail ya duka ni moja, na namba ya kuingilia huja kwa SMS kwenye simu ya mama mwenye duka. Jumanne alikuwa foleni ya feri Likoni, mteja wa Malindi ataka ankara. Tuliomba namba, ikakawia, tukaomba ya pili, naye akanisomea ile ya kwanza. Nilipoingia, mteja ashanunua kwengine. Nyinyi mwafanyaje?

Fundi Bondeni: Acheni SMS. Wekeni programu ya kutoa namba, na siku ya kuiunganisha, ule mraba wa QR upigwe na simu zote tatu kabla hamjaufunga. Zote zatoa namba ile ile, hata bila bando. Sie mwaka wa pili huu.

Shangazi Kisauni: Mie alinipigia mtu akisema nimsomee namba iliyoingia kwa simu yangu, nikamsomea. Ndiyo hayo mwazungumza?

Mwana wa Marikiti: La, shangazi, huyo alikuwa mwizi. Badilisha paswadi leo leo.

Nahodha Mtwapa: Fundi, hapo umepatia nusu. Namba hiyo yatokana na siri iliyo ndani ya mraba pamoja na saa ya simu, hubadilika kila sekunde 30. Simu ikiwa saa yake imepotea, namba yakataliwa. Lakini siri hiyo haiondoki na mtu anapoacha kazi. Kwetu kijana alitoka, tukabadilisha paswadi tukajiona tumemaliza. Miezi baadaye akanionyesha simu yake kwa masihara: bado yatoa namba zetu! Paswadi hakuwa nayo, ila kufuli mbili zilikuwa zimebaki moja. Ilibidi nitoe ile programu kwenye akaunti na kuiunganisha upya kwa mraba mwengine.

Sasa Gmail hatushiriki paswadi kabisa. Kwa kompyuta, `Settings`, kisha `Accounts and Import`, kuna `Grant access to your account`. Waweka anwani ya Gmail ya mfanyakazi, yeye akubali kwa barua atakayoletewa. Asoma na kujibu barua za duka akiwa ameingia kwake, kwa namba zake mwenyewe, na hawezi kugusa paswadi. Akiondoka, wamfuta jina, basi.

Fundi Bondeni: Na tovuti ya mizigo inayokubali mtumiaji mmoja tu?

Nahodha Mtwapa: Hapo mraba wako ndio uliobaki. Andika ni simu zipi zilizoupiga, na kila mtu akitoka uunganishe upya kwa mraba mwengine.

Mwana wa Marikiti: Na siku simu ya mama ikianguka baharini?

Nahodha Mtwapa: Google hutoa namba 10 za akiba, tarakimu 8 kila moja, na kila moja yatumika mara moja. Chapisha, ufungie na vitabu vya hesabu. Usizipige picha ukazituma kwa grupu.

Mwana wa Marikiti: Mama asema barua za duka hazisomwi kwa akaunti ya mtu. Namba za akiba amekubali, lakini ataka zikae mkobani mwake.

Fundi Bondeni: Mkoba ule ule wa feri?