Frem Makorora, Tanga: fotokopi ya mtumba au printa ya wino wa chupa?

frem_makorora
Wadau habari zenu. Nina milioni 3, frem nimepata Makorora karibu na sekondari. Nimebaki na njia mbili: Canon iR2520 ya mtumba kutoka Kariakoo wanataka milioni 1.8, au Epson L3250 mpya kama laki 6 hivi. Laptopu ninayo. Walimu wameniahidi mitihani ila wanalipa 50 kwa kopi, rejareja mtaani ni 100. Na simu zinanitisha, watu wanapiga picha cheti wanatuma tu. Kipi kitalipa?

raskazone_tg
Fotokopi imeshakufa ndugu yangu, simu zimeimaliza. Chukua Epson, chupa moja ya wino mweusi inakwenda kurasa 4,500, umeme haili, ukikatika UPS ndogo inakubeba unamaliza kazi. Hela inayobaki weka kwenye rimu.

fundi_ngamiani
Kaka wa Raskazone, kwenye umeme uko sahihi, lakini zile 4,500 ni za ukurasa wenye maandishi machache. Kopi ya kitambulisho iliyojaa weusi inakula zaidi ya hapo. Halafu wino wa L3250 ukipata jasho au maji unachuruzika, na kwa joto letu hili mtu anatembea na kopi mkononi mpaka Bombo, ikifika imeshachafuka. Mitihani ndo kabisa, ile inatoa kama kurasa 10 kwa dakika, kopi 1,000 ni karibu saa 2 na haina trei ya kujivutia karatasi juu, kila ukurasa wa mtihani unaotolewa kopi unauweka kwenye kioo kwa mkono. Canon inatoa 20.

Sasa frem, piga hesabu ya hiyo 50 kwanza. Rimu mimi nanunua 12,000, karatasi moja 24. Tona weka 6, umeme na akiba ya dramu na rola weka 8. Jumla 38, unabaki na 12. Mtihani wa kopi 1,000 faida 12,000. Zikiharibika 100, umechoma 3,800, faida imeshuka mpaka 8,200. Kwenye rejareja ya 100 hasara hiyohiyo huisikii maana kila kopi inakuachia 62, kwenye kazi ya shule ndo inakuumiza.

frem_makorora
Mia nzima kaka? Zinaharibikaje nyingi hivyo?

fundi_ngamiani
Unyevu. Tanga hewa ya bahari, rimu ikifunguliwa ikalala wazi karatasi inavuta maji, inajikunja ikipita kwenye moto, zinaingia mbilimbili, inakwama. Fungua rimu unayoitumia leo, inayobaki irudishe kwenye ganda lake uifunge, na usiiweke sakafuni. Nyingine ni pande mbili, upande wa pili unatoka kichwa chini, ukigundua umeshatoa 60. Toa seti moja, mpe mwalimu aikague, ndo uendelee.

mama_picha_barabara12
Jamani mi nafanya pasipoti saizi, na Epson yangu kwa picha haijaniangusha. Je hiyo Canon inatoa rangi?

fundi_ngamiani
Hapana dada, nyeusi tu. Wewe baki na Epson yako, kazi ni tofauti.

karani_kata
Suala la simu mi naliona kinyume kidogo. Kweli kuskani na kutuma kumehamia kwenye simu, wateja hao hawarudi. Ila vijana wa mkopo wa HESLB wanajaza mtandaoni, halafu lazima waprinti fomu, isainiwe na kugongwa mhuri, waskani tena wapakie. Faili linakuja kwa wasapu, ukurasa wanalipa 200. Waambie watume kama dokumenti, sio picha. Picha ya simu inakuja na kivuli, mashine inakichapa chote, tona inaisha na kopi haisomeki.

raskazone_tg
Hapo nakubali, lakini msimu wa mkopo ni miezi michache. Ikiisha Canon ya milioni 1.8 itafanya nini?

frem_makorora
Ndo kinachonitesa. Shule nayo naambiwa inachelewa kulipa. Fundi, hiyo ya Kariakoo naikaguaje?

fundi_ngamiani
Bonyeza kitufe cha 123, utaona imeshatoa kopi ngapi, usikubali maneno ya dalali. Kisha toa kopi kwa trei ya juu na nyingine kwa kuweka karatasi juu ya kioo kikubwa. Mstari ukija kwa trei tu, ni uchafu kwenye kile kioo chembamba, kitambaa kinamaliza. Ukija kwa zote mbili, shuku dramu, bei ishuke au uiache. Na usiiunge kwenye UPS ndogo, ikipasha moto inavuta umeme mwingi.

karani_kata
Mimi kabla ya kulipa ningeuliza ile sekondari wanatoa mitihani mara ngapi kwa mwaka, na kama hawana mashine yao ofisini iliyoharibika tu wanasubiri fundi.

frem_makorora
Hilo sikuwauliza. Jumatatu naenda kwa mkuu wa taaluma.