Tupeane uzoefu: pilau iliyobaki na kiini huku nyanda za juu

Mwali wa Uyole
Habari zenu ndugu zangu. Nimekulia Tanga, na pilau nimeipika tangu nikiwa darasa la sita, lakini tangu nihamie Uyole hapa Mbeya mwaka jana pilau imenigomea mara tatu, na ya Jumapili iliyopita ndiyo iliyoniumiza zaidi kwa sababu wakwe walikuwepo. Nilipika mchele kilo moja na nyama ya ng'ombe robo tatu. Vitunguu vilikubali, harufu ya bizari ilijaa nyumba nzima, na maji niliyapima kwa kidole kama nilivyofundishwa na mama, yaani pingili moja juu ya mchele. Maji yalipokauka nikapalia makaa juu ya mfuniko kwa dakika ishirini. Nilipofunua, punje za juu zilikuwa na kiini kigumu, na chini ukoko ulikwisha kuungua. Nikamwagia kikombe cha maji ya bomba na kurudishia makaa. Ile ya juu ikaiva kwa nje, ya katikati ikawa bokoboko, na kiini hakikutoka. Baba mkwe alikula bila kusema neno. Naomba waliopatwa na jambo hili waniambie walifanyaje.

Kijana wa Mbalizi
Limenikuta mimi pia, dada. Pole sana.

Bin Kyela
Dada, tatizo ni mchele. Bila shaka ulinunua mchele wa Kyela uliovunwa msimu huu, na mchele mpya ni laini, hautaki maji mengi kama uliokaa ghalani. Punguza maji, utaona tofauti.

Mwali wa Uyole
Kaka, ni kweli ulikuwa wa Kyela, na muuzaji aliniambia ni mpya. Lakini kama maji yalizidi, kiini kimetoka wapi?

Mwalimu Rungwe
Hapo ndipo Bin Kyela anapokosea, ingawa kuhusu mchele mpya amesema kweli. Tanga iko usawa wa bahari, na maji huchemka yakifika nyuzi 100. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hapo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Hata uongeze moto namna gani, maji yaliyo ndani ya sufuria ya kawaida hayapandi zaidi ya hapo. Yanachofanya ni kukauka upesi. Kwa hiyo mchele wako ulikuwa ndani ya maji yenye joto pungufu, na ulihitaji muda mrefu zaidi. Dawa yake ni kuongeza maji, tena kwa wingi.

Soweto Mbeya
Nakubaliana na mwalimu. Mimi maharage nayaloweka tangu usiku na bado yanachukua saa tatu. Nani anajua kama magadi yanaharibu ladha?

Mama Ilula
Mwanangu wa Soweto, maharage tuyaache kwanza, tumsaidie mwenzetu. Mimi napika kwenye shughuli za watu hapa Iringa kwa miaka mingi, na nina swali moja kwa Mwali kabla ya kusema lolote: sufuria uliyopikia Uyole ni ile ile uliyokuwa ukipikia Tanga?

Mwali wa Uyole
Shikamoo mama. Hapana. Ile ya Tanga ilikuwa pana na niliiacha nyumbani. Ya hapa ni ndefu na nyembamba, kwa sababu jiko langu la mkaa ni dogo. Nimeipima sasa hivi kwa rula, mdomo wake ni sentimita 22.

Mama Ilula
Marahaba. Basi nisikilize. Pingili ya kidole haibadiliki, lakini sufuria inabadilika. Kwenye sufuria ya sentimita 28, kilo moja ya mchele na pingili moja ya maji juu yake hukupa kama lita mbili za maji, yaani vikombe vinane vya robo lita, na hicho ndicho kipimo chema kwa mchele wa kawaida. Kwenye sufuria yako nyembamba, pingili ile ile inakupa lita moja na nusu tu. Ukiwa Tanga pengine ungesamehewa. Huko Uyole, ambako mchele unakaa motoni muda mrefu na mvuke unapotea zaidi, nusu lita iliyopungua ndiyo iliyokuachia kiini. Kidole ni kipimo cha mtu anayeijua sufuria yake. Ukibadilisha sufuria, pima kwa kikombe. Kilo moja inatoa vikombe vitano hivi vya mchele. Ukiwa mchele wa zamani, weka supu vikombe vinane. Ukiwa mpya, anza na saba, na kikombe kimoja cha supu kikae pembeni kikichemka.

Nasema supu, tena ikichemka. Yale maji ya bomba uliyomwagia ndiyo yaliyoharibu zaidi, kwa sababu maji ya huku ni baridi mno: sufuria inaacha kuchemka, punje za katikati zinakaa kwenye uvuguvugu na kuvimba kwa nje, halafu zinapasuka kabla kiini hakijapata joto.

Na mwalimu, kwa heshima, kuongeza maji kwa wingi ndiko kunakotupatia bokoboko. Kinachohitajika zaidi ni muda wa mvuke, na mvuke usitoroke.

Mwalimu Rungwe
Nimekubali kuhusu sufuria, mama, sikuifikiria. Lakini bado naona kikombe kimoja zaidi huku Tukuyu hakiepukiki.

Mama Wawili Njombe
Mmenikumbusha usiku ambao sitausahau. Ilikuwa mwezi Julai, send-off ya binti wa jirani, watu mia mbili, na sisi wapishi wanne tukiwa na mchele kilo 25 kwenye sufuria moja juu ya mafiga, nje, kuni za mkaratusi. Nyama tuliichemsha tangu saa sita mchana na ilikuwa imelainika vizuri. Vitunguu tulivikaanga hadi vikawa rangi ya chai ya rangi, viungo vikaingia, nyama ikatandazwa chini, mchele ukamiminwa juu yake, supu ikawekwa ikitokota. Mpaka hapo hakuna aliyekosea.

Jua lilipozama upepo ukaanza, ule upepo wa Njombe unaopita kwenye mifupa. Ulisukuma moto wote upande mmoja, nasi hatukuliona hilo kwa sababu juu ya mfuniko makaa yalikuwa yanawaka. Saa moja na nusu tukafunua. Upande wa kushoto pilau ilikuwa imeiva hadi harufu ya kuungua imeanza kutoka chini. Upande wa kulia mchele ulikuwa mweupe, mgumu, unatafuna kama mchanga. Baba wa binti alikuja na tochi, akamulika ndani ya sufuria, akanitazama, akaondoka bila kusema kitu. Mwenzangu mmoja alianza kulia.

Bibi mmoja wa Kinga aliyekuja kama mgeni ndiye aliyetuokoa. Alivua khanga ya begani akajifunga kiunoni, akatukataza kuchanganya, akatukataza kabisa kugusa chini. Alisema ukikwangua ukoko ulioungua, harufu yake inaingia kwenye kila punje na hakuna kiungo kitakachoifunika. Tulichota pilau ya juu tu, iliyoiva tukaiweka kwenye masufuria yake, mbichi tukaigawa kwenye masufuria matatu madogo ili mchele usizidi kina cha kiganja. Mbichi ile aliinyunyizia supu ya moto yenye chumvi kwa mkono, kidogo kidogo kama anayenyunyizia bustani, akafunika kwa majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni hadi yakalegea, akakandamiza mfuniko, akaweka makaa mengi juu na machache yenye majivu chini. Dakika arobaini hakuruhusu mtu kufunua. Wageni walikula saa tatu usiku, na waliokula ile ya sufuria ndogo waliisifia kuliko ile nyingine. Sufuria kubwa tuliiloweka siku mbili.

Kijana wa Mbalizi
Mama Wawili, nimesoma mara mbili. Na yule baba, alirudi?

Mama Wawili Njombe
Alirudi na sahani yake.

Soweto Mbeya
Kwa nini msigawe kwenye sufuria ndogo tangu mwanzo?

Mama Ilula
Swali zuri. Mimi kwa baridi ya Juni na Julai sipiki zaidi ya kilo kumi kwenye sufuria moja, hata mwenye shughuli akinung'unikia kuni. Mchele ukiwa na kina kirefu, wa juu unategemea mvuke peke yake.

Kijana wa Mbalizi
Mimi naomba niulize kuhusu rangi. Pilau yangu inaiva lakini inabaki ya njano, hivyo naongeza nyanya mbili ili iwe nyekundu.

Bin Kyela
Nyanya kwenye pilau! Huo ni wali wa nyanya, kaka. Pilau haina nyanya.

Kijana wa Mbalizi
Kwetu tunaweka, na wageni wanamaliza. Usituamulie.

Mama Ilula
Wanangu, kila nyumba ina desturi yake, sitaingia hapo. Lakini rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu, na wengi wanakitoa mapema. Kwa kilo moja, kata vitunguu maji vinne vikubwa, vyembamba na vya unene mmoja, maana vikipishana unene vyembamba vitaungua vinene vikiwa bado vyeupe. Mafuta yawe ya kutosha kuvifunika nusu. Mwanzoni vinatoa maji na vinachemka tu. Usiwe na haraka. Povu likipungua, sauti inabadilika kutoka kububujika hadi kuchachatika, na hapo ndipo usiondoke jikoni, kwa sababu kutoka dhahabu hadi kahawia ni dakika chache. Vikifikia kahawia ya mbegu za kahawa zilizokaangwa kidogo, mwagia upawa mmoja wa supu. Moto unakatika, na unaona rangi ikiyeyuka yote ndani ya mchuzi. Ukichelewa vikawa vyeusi, vitupe pamoja na mafuta yake, uchungu wake hautoki. Tangawizi, saumu na nyama vifuate baada ya supu hiyo.

Bizari nyembamba, karafuu, iliki, mdalasini na pilipili manga mimi naviweka vizima kwenye mafuta kabla tu ya upawa ule wa supu, kwa kuhesabu moja hadi kumi. Bizari ikiungua, pilau nzima inakuwa chungu.

Mwalimu Rungwe
Mke wangu anavitia viungo kwenye supu ya nyama tangu mwanzo, na harufu ni nzuri vile vile.

Mwali wa Uyole
Ndugu zangu, nimepika tena leo. Nyama niliichemsha saa mbili kasoro. Mchele niliutandaza juu ya nyama, nikasawazisha kwa mwiko bila kukoroga, nikaweka vikombe saba vya supu ikichemka. Maji yalipozama na vitundu vikaonekana juu ya mchele, niligeuza mara moja kutoka pembeni, nikafunika kwa jani la mgomba, makaa mengi juu, matatu chini. Dakika thelathini na tano. Nilibonyeza punje kati ya vidole, ikasagika yote bila chembe nyeupe ndani. Katikati pilau imechambuka, punje kwa punje. Ila upande wa dirishani bado palikuwa na kama mikono miwili ya mchele mgumu, nikainyunyizia supu ya akiba na kuirudisha dakika kumi. Sijui kama ni upepo au ni kikombe cha nane ambacho mwalimu alikitaka.

Mama Ilula
Zungusha sufuria nusu duara kila dakika kumi, bila kufunua. Jumapili ijayo utuambie.