Ripoti inasema taa zitajilipa miaka 2 na AC miaka 5. Nipeleke kwa bosi au nisubiri?

Msimamizi_Jengo
Habari wakuu. Nasimamia jengo la ofisi lenye ghorofa nne, na tumeletewa ripoti ya ukaguzi wa nishati. Bili za mwaka mzima zinafika uniti 260,000. Ripoti inapendekeza mambo matatu:

Taa 400 za tyubu mbilimbili zenye choki, kila moja ikila wati 86, ziwekwe za LED za wati 36. Wamepiga saa 4,000 kwa mwaka, tunaokoa uniti 80,000, gharama inarudi miaka 2.
AC zitolewe nyuzi 20 ziwe 24. Tunaokoa uniti 24,000 bila gharama.
AC zote za zamani zibadilishwe ziwe za inveta. Tunaokoa uniti 45,000, gharama inarudi miaka 5.

AC kwa sasa wamezikadiria uniti 120,000 kwa mwaka. Bosi anataka jibu wiki hii. Nisimamie hesabu hizi?

Kandambili
Mkuu, anza na AC. Ndizo zinazokula umeme, taa ni vijisenti tu. Ukishaweka inveta bili yenyewe itakuonyesha.

Fundi_Mkongwe
Ndugu msimamizi, kabla ya kugusa mapendekezo, pima ripoti kwa bili yako mwenyewe. Taa 400 mara wati 86 ni kilowati 34.4. Zidisha kwa saa 4,000, unapata uniti 137,600. Ongeza 120,000 za AC, jumla 257,600. Bili ni 260,000. Kompyuta, seva, lifti na pampu za maji zote zinaishi kwa uniti 2,400 kwa mwaka? Haiwezekani. Kuna namba imevimbishwa, na mimi nashuku saa. Ofisi yenu inafunguliwa saa ngapi?

Msimamizi_Jengo
Saa kumi kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Sikukuu tunafunga.

Fundi_Mkongwe
Hapo ni kama siku 250, yaani saa 2,500. Taa zinakula uniti 86,000, na zinabaki 54,000 kwa vitu vingine, kitu kinachoingia akilini. Sasa akiba ya taa ni wati 50 mara 400 mara saa 2,500, yaani uniti 50,000 badala ya 80,000. Ile miaka 2 inakuwa 3.2. Bado ni mradi mzuri, ila si ule ulioandikwa. Tena hapo nimechukulia taa zote zinawaka muda wote, hata za stoo. Funga klampu mita inayorekodi kwenye saketi za taa kwa wiki moja upate saa za kweli.

Kwa AC, wamehesabu akiba ileile mara mbili. Ukipandisha nyuzi kwanza, 120,000 inashuka hadi 96,000. AC mpya zinaokoa asilimia 37.5 ya hicho kilichobaki, yaani 36,000, si 45,000. Miaka 5 inakuwa sita na robo.

Kandambili
Lakini LED hazitoi joto jingi, kwa hiyo AC nazo zitapumzika. Hilo ripoti imelisahau, akiba ni kubwa zaidi.

Fundi_Mkongwe
Ni kweli, na ni akiba halali ya kuhesabia taa. Lakini AC zikipumzika, kinachobaki cha kuokolewa na inveta kinapungua tena, kwa hiyo zinachelewa zaidi kujilipa. Ndiyo maana sikubaliani na kuanza na AC. Weka taa kwanza, pandisha nyuzi, kisha pima. Huenda baadaye ukanunua AC ndogo zaidi.

Bi_Hesabu
Mimi kwetu tuliweka LED za bei nafuu. Wati zilishuka kweli, lakini meza zikawa na kiza na kila mtu akaleta taa yake. Pima luksi kwenye meza kabla na baada. Na fundi asiiache choki ndani, inaendelea kula umeme.

Jua_Kali
Kwa nini msiweke paneli za jua tu juu ya paa?

Msimamizi_Jengo
Paa si letu, mkuu. Fundi, swali moja: nyuzi 24 wafanyakazi watakubali? Wa upande wa magharibi wanalalamika joto hata sasa.

Fundi_Mkongwe
Saa nane mchana simama karibu na kipande cha nje cha AC za upande huo. Kama kompresa haikatiki kabisa na chumba hakifiki hata 24, shida si namba ya rimoti. Koili ni chafu, gesi imepungua, au AC ni ndogo kwa jua lile. Safisheni kwanza.

Bi_Hesabu
Halafu angalia kama bili yenu ina tozo ya kilele cha matumizi. Kilowati 20 za taa zikishuka mchana, tozo hiyo nayo hushuka, na ripoti haijaigusa.

Fundi_Mkongwe
Mimi ningeiacha nje mpaka ipimwe. Kilele chenu huenda kinatokea asubuhi AC zote zikiwashwa pamoja.

Bi_Hesabu
Hata asubuhi taa zinawaka, kaka.

Msimamizi_Jengo
Ina tozo hiyo, nimeiona sasa hivi. Natafuta bili za kila mwezi. Kwa bosi napeleka taa na usafi wa AC pekee, na naomba wakaguzi warudie saa zao.