Fulana za jumla mtandaoni: sampuli, au oda ndogo kwanza?

Mteja wa Isevya: Wakuu, nataka fulana 300 za kuchapa nembo za shule hapa Tabora. Muuzaji yupo China, nimempata Alibaba, anasema ni pamba tupu, gsm 180, yaani gramu 180 kwa mita ya mraba. Niagize sampuli au nianze na oda ndogo?

Kijana wa Mwanga: Sampuli moja inatosha. Ukiipenda, lipa mzigo.

Fundi Cheyo: Moja haitoshi. Agiza tatu: mbili za rangi iliyokolea, maana ndiyo huchuja, na moja nyeupe. Mwambie azitoe kwenye kitambaa kitakachoshonewa mzigo wako, siyo za maonyesho.

Zikifika, moja ya rangi usiiguse. Hiyo ndiyo shahidi. Ya pili ipigie mistari miwili ya sentimita 40 kwa kalamu isiyofutika, mmoja wa urefu na mmoja wa upana. Fua, anika, pima tena. Ukikuta 38, imerudi asilimia 5, na mtoto wa shule ataiona fupi mapema. Ikiwa bado mbichi, isugue kwa kitambaa cheupe uone kama rangi inahamia.

Kisha kata kwenye ile nyeupe kipande cha sentimita 10 kwa 10, ukapime kwa sonara, mizani yake inasoma gramu ndogo. Zidisha kwa 100. Gramu 1.8 ni gsm 180. Ukipata 1.6 umeuziwa 160, na hapo usikubali kuambiwa ni tofauti ya kawaida. Uzi wa pembeni uchome: pamba inanuka kama karatasi na kuacha jivu laini, polista inayeyuka na kuganda kidonge kigumu.

Mama Ujiji: Mimi nauza vikombe vya udongo huku Kigoma. Nichome nini?

Fundi Cheyo: Hahaha hapana mama, vya kwako angalia ufungaji. Aliyekutumia viwili kwenye sponji nene anaweza kufunga katoni nzima kwa karatasi tu.

Mzigo wa Reli: Naongezea: sampuli nzuri haizuii mzigo mbovu. Kwenye oda andika gsm, aina ya uzi, kiwango cha kurudi baada ya kufuliwa, na kwamba mzigo ufanane na sampuli uliyobaki nayo. Lipa ndani ya Alibaba kwa Trade Assurance, ulinzi wao wa malipo ya mnunuzi. Ukituma pesa nje yake, huna pa kudai. Wengi hukubali asilimia 30 mwanzo na 70 kabla ya kusafirisha. Kabla ya hiyo 70, wakala wako afungue katoni kadhaa atakazochagua mwenyewe, azipime vilevile.

Ila kwa 300 mimi ningeanza na oda ya 30. Bei ya moja inapanda, lakini unaona kama zinafanana zenyewe kwa zenyewe, kitu ambacho sampuli tatu haziwezi kukuonyesha.

Fundi Cheyo: Nauli ya ndege ya 30 umeipiga hesabu? Kwa fulana naona inakula faida. Sampuli tatu na ukaguzi kabla ya 70, basi.

Mteja wa Isevya: Muuzaji anasema gharama ya sampuli atairudisha nikiagiza mzigo. Nimwamini?

Mzigo wa Reli: Iandikwe kwenye oda kama punguzo. Ya mdomo usiihesabu.