Mamangu na goti: atembee asubuhi au akimbie polepole jioni?

MwanaKizingo: Asalaam aleikum jamani. Mamangu goti lamuuma kidogo. Jirani amwita watembee kwa haraka baada ya alfajiri. Shangazi naye amwita kwenye kikundi cha mbio za pole jioni, kule Mama Ngina. Nataka kumnunulia viatu kabla ya Jumamosi. Lipi bora?

Bi_wa_Tudor: Waaleikum salaam. Ana miaka mingapi? Lauma wapi? Lavimba? Wataka jibu na maelezo umeyaficha.

BabaZuhura: Asubuhi. Mbio zala magoti kama breki za matatu.

MwanaKizingo: Niwieni radhi. Ana miaka 66. La kulia, upande wa ndani. Akiamka huwa limekaza kama dakika kumi, akizungukazunguka jikoni laachia. Tabu ni kushuka ngazi, twakaa ghorofa ya tatu. Halivimbi. Hajakimbia tangu shule.

Fizio_Nyali: Hilo la mwisho ndilo laamua. Baba Zuhura, aliyezoea mbio goti lake halimaliziki hivyo. Ila kwenye kutembea, mguu mmoja uko chini kila wakati. Kwenye mbio mwili waruka na kutua juu ya mguu mmoja, na kwenda pole hakuondoi kule kutua. Aanze kutembea dakika 15, tano za kwanza taratibu maana goti bado limekaza. Kisha mwendo wa kuweza kuzungumza na jirani lakini si kuimba. Atazame kesho yake: likirudi hali yake ya kawaida, sawa. Likivimba au likikaza kuliko jana, apunguze dakika.

Mstaafu_Bandarini: Mimi yalinikuta Nyali. Nilikwenda kukimbia jioni maji yamejaa, nikabanwa kule juu kwenye mchanga laini ulioinamia bahari. Mguu mmoja juu, mmoja chini, na kila hatua wazama. Njiani sikusikia kitu. Usiku nachutama nitawadhe, goti likagoma. Asubuhi limejaa kama dafu! Wiki tatu nikasali kitini. Sasa natoka maji yakipwa, nakanyaga mchanga mgumu uliolowa.

BabaZuhura: Si nilisema!

Fizio_Nyali: Mchanga na mwinamo vilichangia, mzee wangu, si mbio peke yake. MwanaKizingo, mama pia ainuke kitini bila kushika, mara nane hivi, kila baada ya siku moja. Paja likipata nguvu, hata ngazi zitapungua makali.

BabaZuhura: Viatu aende Kongowea, mitumba ya huko yashinda madukani.

Bi_wa_Tudor: Mitumba mingine soli imekufa, ngumu kama ubao. Ibonyeze kwa kidole gumba kwanza.

MwanaKizingo: Nimemsomea mama. Asema jirani njia nzima ni habari za wakwe, hataki. Ataenda jioni, ila atembee nyuma yao wakikimbia.

Fizio_Nyali: Akiweza kujizuia asiwafukuzie.

MwanaKizingo: Hapo sina hakika. Avaa 39, nichukue hiyo?

Bi_wa_Tudor: Usinunue bila yeye. Mpeleke jioni, miguu ikishatanuka.