Tupeane uzoefu: iafoni za bei nafuu na unyevu wa Pwani

Mgeni_wa_Tanga: Wakuu, nilihamia Tanga kutoka Iringa mwezi wa pili. Iafoni zangu za blutuuthi za elfu 15 zilinipigia mwaka mzima kule bila tatizo. Masika ilivyoanza huku, ya kushoto ikaanza visa. Alfajiri haichaji. Nikiikandamiza kwenye kesi yake taa inawaka, nikiachia inazima. Saa nane mchana inachaji vizuri tu. Ni betri?

Mama_Nassoro: Fukia kwenye mchele siku mbili mwanangu. Yangu ilipona.

Fundi_Makorora: Mama, hata maji yakikauka, chumvi ya jasho inabaki palepale. Hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi inavuta maji yenyewe na kulowana, hata kama hujamwaga tone. Usiku wa Pwani unapita hapo kirahisi. Ndiyo maana inagoma alfajiri na kufufuka mchana.

Mkuu, mulika tochi kwenye vile vidoa viwili vya kuchajia, halafu na pini za ndani ya kesi. Dhahabu waliyopaka ni nyembamba mno na chini yake kuna shaba. Ikichubuka, jasho linaifikia shaba, na wewe unafunga kesi yenye umeme juu yake. Upande wa chanya huliwa kwanza. Ukiona ukijani kwenye kimoja tu, si betri hiyo.

Kijana_wa_Likoni: Zangu ni za waya, nazo hukatika sauti nikigeuza shingo. Ni kutu pia?

Fundi_Makorora: Mara nyingi waya umekatikia pale unapojikunja, karibu na jeki. Ila nimewahi kumenya wa mvuvi mmoja nikakuta shaba imekuwa kijani sentimita kadhaa ndani ya plastiki. Maji yalipenya kwenye ncha yakatambaa katikati ya nyuzi. Ule hata risasi ya kulehemu haikushika, nikakata mpaka nilipoona shaba inayong'aa.

Mgeni_wa_Tanga: Nimemulika. Pini moja ya kesi ina ukijani kweli! Huwa natoka kukimbia nazirudisha zikiwa na jasho.

Fundi_Makorora: Ndipo ilipoanzia. Acha kesi iishe chaji kwanza. Chovya mswaki laini kwenye alkoholi ya asilimia 90 au zaidi, sugua taratibu, iache wazi nusu saa. Usitumie msasa, utamaliza dhahabu iliyobaki. Na kuanzia leo zifute, zipate hewa, ndipo ufunge.

Mgeni_wa_Tanga: Mrejesho: siku tisa imechaji kila alfajiri. Jana imegoma tena, nikasugua ikarudi. Sasa kuna jipya, muziki unajisimamisha wenyewe bila mimi kugusa.

Fundi_Makorora: Dhahabu iliyoliwa hairudi, kwa hiyo utasugua mara kwa mara. Hilo la kujisimamisha nahisi unyevu uko chini ya sehemu ya kugusa, ila bila kuifungua siwezi kuapa. Nyingi zimegandishwa kwa gundi, kufungua ni kuvunja.

Bi_Shangazi_Pemba: Yangu hujisimamisha hata kiangazi. Nayo ni unyevu?