Tupeane uzoefu: filamu iliyosifiwa tamashani itakufikia lini?

Mtazamaji wa Tanga
Ndugu zangu, kila mwaka tamasha la Cannes linapomalizika mwezi wa Mei, mimi huandika majina ya filamu zilizosifiwa, kisha hufungua kalenda za maonyesho ili nijipangie za kutazama hadi Disemba. Ugumu ni kwamba filamu moja huwa na tarehe nne au tano, na sijui ipi inanihusu mimi niliye Tanzania. Naomba kila mmoja aeleze anavyoifuatilia filamu tangu isifiwe hadi aione.

Babu wa Sinema
Ndugu yangu wa Tanga, kabla ya kuangalia tarehe, tafuta kwanza ni nani aliyenunua haki za usambazaji na ni za nchi zipi, kwa sababu tarehe zote hutokana na hilo. Chukua Atlantique ya Mati Diop. Ilipata Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa, Cannes mwezi wa Mei 2019, na mara baada ya hapo habari za biashara ya filamu zikaeleza kwamba Netflix imenunua haki za dunia nzima isipokuwa China, Urusi, Ufaransa, Uswisi na nchi za Benelux. Habari hiyo fupi ilikuwa na faida kuliko kalenda yoyote. Mtu wa Dar es Salaam alijua tangu Mei kwamba haina haja ya kungoja jumba la sinema, na kweli ilifika Netflix tarehe 29 Novemba 2019. Tarehe ya Ufaransa ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba, lakini hiyo ilikuwa ya majumba ya sinema ya huko tu, nayo haikumhusu.

Mkongo wa Brussels
Basi sisi wa Ubelgiji ndio tulioachwa nje ya mkataba huo. Hapa kwangu kalenda ya majumba ya sinema ndiyo inayotangulia, na marafiki zangu wa Nairobi huniuliza kwa nini sijaiona filamu ambayo wao wanaitazama nyumbani. Tangu hapo, ninaposoma kwamba haki zimeuzwa za “dunia nzima”, husoma sentensi hadi mwisho, kwa maana orodha ya nchi zilizoachwa hukaa huko.

Mama Salha, Dubai
Mimi naona tatizo ni siku. Kalenda nyingi huandika Ijumaa ya Marekani, ilhali hapa filamu kubwa hufunguliwa Alhamisi. Nikitaka kuwapeleka watoto, huangalia tovuti ya jumba la sinema lenyewe wiki hiyohiyo.

Mtazamaji wa Tanga
Ahsante, mama, ingawa mimi nauliza zaidi kuhusu filamu ambazo hazifiki kwenye majumba yetu kabisa.

Kijana wa Kisumu
Kwangu mimi, kuchagua ni rahisi. Natazama alama ambazo wahakiki hutoa katika jedwali la jarida la Screen wakati wa Cannes. Filamu yenye alama za juu ndiyo itakayoshinda, na iliyoshinda hununuliwa haraka.

Babu wa Sinema
Alama hizo zina maana, mwanangu, ila hazitabiri tuzo. Mwaka 2018 Burning ya Lee Chang-dong ilipata 3.8 kati ya 4, alama ambazo hakuna filamu iliyokuwa imezifikia katika jedwali hilo, na waamuzi wakuu hawakuipa tuzo yoyote. Ilipewa ya chama cha wahakiki. Hata hivyo ilifika kwenye majumba ya Marekani Oktoba mwaka huohuo. Kwa hiyo tumia alama kuchagua cha kuandika kwenye orodha yako, wala usizitumie kukisia tarehe. Dakika za kupiga makofi ambazo magazeti huhesabu, mimi siziandiki popote, maana ukumbini wamekaa waliotengeneza filamu na ni vigumu watu kuwanyima heshima.

Dada wa Nairobi
Mniruhusu niongeze la kwetu. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilichaguliwa Cannes mwaka 2018, filamu ya kwanza ya Kenya kufika huko, lakini bodi ya uainishaji ilikuwa imeipiga marufuku Aprili. Hakuna kalenda ambayo ingetuonya kwamba Septemba Mahakama Kuu ingesimamisha marufuku hayo kwa siku saba tu. Waliokuwa wakifuatilia habari za kesi ndio waliopata viti.

Kijana wa Kisumu
Na filamu ambayo haijapata mnunuzi miezi sita baada ya tamasha, mnaiacha au mnaendelea kuingoja?

Babu wa Sinema
Mimi huiacha kwenye orodha na kutazama ratiba za matamasha madogo ya kanda hii, Zanzibar kwanza.

Mkongo wa Brussels
Mimi huifuta. Nyingine niliwahi kuingoja hadi nikasahau ilikuwa ya nani.